Siku mbili, saa kumi na robo: hesabu za mafungo ya kazi hapa Lubumbashi

Karatasi ya kwanza ya mafungo yetu ya kazi ilikuwa na malengo saba. Kuimarisha umoja wa timu. Kuboresha mawasiliano. Kushirikishana dira ya shirika. Kutathmini mwaka. Na mengine ya ukoo huohuo. Ilizunguka biro nzima kwa siku kadhaa, kila mtu akatia saini kwamba ameisoma, hakuna aliyepinga hata neno. Mimi ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi. Lengo ambalo hakuna mtu anayeweza kulipinga halihitaji watu walale nje ya nyumba zao, wala halihitaji dola za mfadhili.

Kazi yangu ni fedha na utawala katika shirika dogo la afya lenye wafanyakazi 18: kumi na watatu hapa Lubumbashi, watano kituo cha Likasi. Mfadhili alikuwa ametuachia mstari mmoja wa dola 2,500 kwa ajili ya mafungo, na mstari huo haungeongezwa. Kwa hiyo kupanga kulikuwa ni kutafuta nini kinaingia ndani ya kiasi hicho, na nini kinabaki nje. Watu wengi huanzia hapo hapo kwenye pesa: wanatafuta hoteli, wanapata bei, halafu wanajaza ratiba. Sisi tulianza na malengo, tukaenda kwenye saa, pesa tukaziacha mwisho. Nitaeleza kwa nini.

Tulikaa na direkta mchana mmoja na ile karatasi ya malengo saba. Nilimwomba jambo moja tu kwa kila lengo: Papa Direkta, Ijumaa saa saba u nusu mchana, watu wakifunga madaftari yao, ni karatasi gani itakuwepo mezani ambayo haikuwepo Alhamisi asubuhi? “Kuboresha mawasiliano” halikuwa na karatasi. Tulipolichimba, tukakuta chini yake kuna malalamiko moja halisi kabisa: ombi la fedha likitoka Likasi linakaa hapa mezani wiki mbili, kwa sababu linahitaji saini tatu na mmoja wa wenye saini yuko barabarani kila wakati. Basi lengo likabadilika: Ijumaa tutakuwa na jedwali la nusu ukurasa linalosema nani anasaini hadi kiasi gani, na nani anashika kalamu yake asipokuwepo. Hilo linaweza kupingwa, na lilipingwa. Tukajua tumefika.

“Kutathmini mwaka” likageuka kuwa kalenda ya matembezi ya miezi mitatu, kwa sababu tuna gari moja na timu tatu zinazoligombea. “Dira ya shirika” likageuka kuwa swali lililokuwa linamnyima kila mtu usingizi ila halijaandikwa popote: ufadhili wa kituo cha Likasi unaisha Desemba; huduma zipi zibaki, zipi zifungwe?

Hili la tatu lilihitaji uangalifu wa aina nyingine. Kwanza, kufunga huduma si mamlaka ya wafanyakazi. Ni ya baraza la uongozi. Mafungo yakijifanya yanaamua kitu ambacho baraza litakifuta mwezi unaofuata, mwaka ujao hakuna atakayesema neno la kweli ukumbini. Kwa hiyo tuliandika wazi kwamba kitakachotoka ni pendekezo moja kwa baraza, lenye sababu zake. Pili, haiwezekani watu watano wa Likasi wasikie mbele ya wenzao kumi na watatu kwamba mikataba yao ina mashaka. Direkta alikwenda Likasi wiki mbili kabla, akakaa nao, akawaambia anachokijua na asichokijua. Kama asingefanya hivyo, ningeliondoa lengo hilo kwenye karatasi. Mtu aliyepigwa na habari mbaya asubuhi hatakupa wazo mchana, hata umpe kalamu za rangi ngapi.

Umoja wa timu tuliufuta. Wengine walinuna kidogo. Lakini umoja unakuja watu wakimaliza jambo gumu pamoja na kula bukari meza moja jioni. Ukiuwekea saa yake kwenye ratiba, na michezo ya kushikana mikono, unapata watu wanaotazama simu.

Basi maamuzi matatu. Kwa nini si manne? Hapa ndipo saa zinapoingia.

Siku ya kwanza ukumbi unafunguliwa saa mbili u nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Hizo ni saa nane na nusu kwenye karatasi. Toa chakula cha mchana, saa moja na robo, kwa sababu watu ishirini kwenye foleni moja ya vyombo hawali kwa saa moja. Toa mapumziko mawili ya chai, nusu saa kila moja. Waandishi wa ratiba huandika robo saa, lakini sijawahi kuona robo saa ya chai hapa mjini. Toa nusu saa nyingine ya kuchelewa kuanza na kuchelewa kurudi, ambayo ipo hata kama hukuiandika. Zinabaki saa tano na dakika arobaini na tano. Siku ya pili inaanza saa mbili na kwisha saa saba u nusu, kisha chakula na safari, maana dereva wa Likasi lazima afike kabla ya giza. Ukitoa chai moja na ile nusu saa ya kuchelewa, zinabaki saa nne na nusu. Jumla ya siku mbili ni saa kumi na robo. Hapo ndipo akiba yako yote ilipo.

Sasa uamuzi mmoja unakula kiasi gani? Tulihesabu hatua kwa hatua. Dakika ishirini za kuweka swali na takwimu mbele ya watu. Saa nzima ya kazi ya vikundi. Dakika arobaini za vikundi vinne kurudisha majibu, kumi kumi. Nusu saa ya kubishana wote pamoja. Dakika ishirini za kuandika uamuzi neno kwa neno ukutani, na jina la mtu na tarehe pembeni. Jumla yake ni saa mbili na dakika hamsini. Mara tatu ni saa nane na nusu. Zinabaki saa moja na dakika arobaini na tano kwa ufunguzi, kukumbushana asubuhi ya pili, na kufunga. Uamuzi wa nne haukuwa na mahali pa kukaa. Ukiuingiza kwa nguvu, kitakachokatwa kila mara ni zile dakika ishirini za mwisho, za kuandika. Na hizo ndizo zilizowatoa watu nyumbani.

Hesabu hii ilituonyesha kitu kingine. Ufunguzi na maamuzi mawili kamili hayatoshei Alhamisi. Tukaamua uamuzi wa pili ubishaniwe Alhamisi mchana ila uandikwe Ijumaa asubuhi, watu wakiwa wamelala juu yake, na ufunguzi ukabanwa kuwa dakika ishirini na tano. Mkongo mwenzangu anajua maana ya kubana ufunguzi. Sala, neno la ukaribisho, utambulisho, hotuba ya direkta, picha ya pamoja: kwa kawaida hapo saa nzima imekwenda na chai imefika. Tulimpa direkta dakika tano, picha tukaisogeza wakati wa chakula, na utambulisho tukauacha kwa sababu watu wanafahamiana. Msimamizi peke yake ndiye aliyejitambulisha.

Na uamuzi upi uanze? Wengi huanza na mwepesi ili watu wapate joto. Sisi tulianza na Likasi, ule mzito, Alhamisi asubuhi wakati vichwa ni vipya. Jedwali la saini likawa la mchana. Kalenda ya gari, ambayo ni kazi ya mikono zaidi kuliko ubishi, tukaiweka Ijumaa, watu wakiwa wamechoka ila wanaweza bado kusogeza vikaratasi ukutani.

Tarehe nayo ina mitego yake. Jumamosi tuliiacha kwa sababu tuna wenzetu wa Sabato, na Jumapili haijadiliwi. Wiki ya tarehe 30 Juni hakuna anayekuwa na akili ya kazi. Mwanzo wa Septemba kila mzazi anahesabu minerval na madaftari, na mafungo yoyote yanageuka kuwa mazungumzo ya pesa za mfukoni. Kuanzia Novemba mvua inaweza kukaa juu ya mabati ya ukumbi hadi msikilizane kwa ishara. Tukachagua Alhamisi na Ijumaa katikati ya Agosti: barabara kavu, shule bado, baridi ya Julai imepungua ingawa usiku bado unahitaji blanketi. Mlinzi na mwenzetu mmoja wa mapokezi wa kukodi walibaki kulinda biro. Wao hawamo kwenye wale 18.

Ndipo tukatafuta mahali. Hoteli za mjini zina kiyoyozi na vitambaa vyeupe, lakini saa kumi na moja kila mtu anarudi kwake, na asubuhi ya pili unampata nusu. Tulichagua nyumba ya masere njia ya Kipushi, karibu vya kutosha kwa basi moja, mbali vya kutosha mtu asitoroke kwenda kumwona mteja wa mke wake sokoni. Nilikwenda mwenyewe kuitazama kabla ya kuomba proforma. Kwenye ziara kama hiyo siangalii bustani. Nilimwomba sere aliyenipokea azime umeme wa ukumbi na kuwasha jenereta, nione kama inawasha ukumbi au taa za mapokezi tu. Iliwasha ukumbi, lakini soketi za ukuta wa nyuma zilibaki zimekufa, kwa hiyo nikaandika: ralonje ya mita kumi na tano. Nikahesabu meza zinazosogezeka, kwa sababu kazi ya vikundi inahitaji meza nne zenye nafasi kati yake, na kumbi nyingi za parokia zina mabenchi yaliyopigiliwa misumari. Nikauliza jikoni kama wanaweza kupanga chakula pande mbili za meza, foleni mbili. Wakakubali. Hilo peke yake linaokoa karibu dakika kumi na tano kila mlo, na halikulipiwa hata faranga.

Proforma ilipokuja, kitu cha kwanza nilichotafuta ni herufi mbili chini kabisa: HT. Maana yake kodi haimo. TVA yetu ni asilimia 16, na kwenye bili ya dola elfu moja na kitu hiyo ni zaidi ya dola mia mbili ambazo hujaziona. Nimeona bajeti nyingi zikivunjika hapo hapo, kwenye meza ya kulipia, siku ya kuondoka.

Vyumba vyao ni vya vitanda viwili, dola 30 kwa chumba. Watu wa kulala walikuwa 20: wafanyakazi 18, msimamizi wa mafungo, na dereva wa minibasi. Anayegawanya ishirini kwa mbili anaandika vyumba kumi. Lakini wanaume walikuwa 11 pamoja na dereva, na hiyo ni vyumba sita. Kati ya wanawake wanane wa timu, mmoja ana mtoto wa miezi minne, naye anakuja na binti wa kumlea mtoto, kwa hiyo ana chumba chake. Saba waliobaki ni vyumba vinne. Msimamizi, ambaye ni mama kutoka shirika jingine, ana chumba chake. Vyumba kumi na viwili. Ongeza usiku wa Jumatano kwa watano wa Likasi na dereva, vyumba vitatu. Malazi yote yakawa dola 450.

Chakula cha jioni dola 8 kwa sahani: sahani sita Jumatano, ishirini na moja Alhamisi, kwa kuwa yule binti mlezi naye anakula. Dola 216. Ukumbi, maji, chai na chakula cha mchana vinauzwa pamoja, dola 20 kwa mtu kwa siku, kwa watu 19 walio ukumbini. Dereva na mlezi wanalipiwa chakula cha mchana tu, dola 7. Hapo dola 788. Jumla kwa masere 1,454, na TVA inafikisha 1,686.64.

Nje ya hapo kulikuwa na minibasi ya Likasi kwenda na kurudi pamoja na mafuta na péage za barabarani, 180. Basi la kuchukua watu wa mjini, 120. Msimamizi, siku mbili za kazi na moja ya maandalizi kwa 100 kila siku, 300. Karatasi kubwa, kalamu na gundi, 45. Mafuta ya jenereta, 40. Salio la simu na dawa za kwanza, 35. Jumla kuu ikawa dola 2,406.64.

Direkta alifurahi. Tuko chini ya 2,500! Mimi sikufurahi, kwa sababu zilizobaki hazifiki dola mia, na mafungo ya watu ishirini hayajawahi kwisha bila kitu kisichotarajiwa. Huwa naweka asilimia kumi ya dharura. Ukiiweka hapo, bajeti inafika 2,647 na imevuka mpaka. Katika hali hiyo watu wengi hufuta mstari wa dharura kimyakimya na kuomba Mungu. Msimamizi wa nje naye huwa wa pili kufutwa, direkta aongoze mwenyewe. Hilo nalikataa kwa sababu ya kazi tu, wala simaanishi vibaya: mtu anayesaini mikataba ya watu hawezi pia kuwa anayewapa zamu ya kusema. Swali la saini tatu lilimhusu yeye mwenyewe. Nani angemwambia kwamba kalamu yake ndiyo inayochelewesha?

Wazo jingine lilikuwa watu wa Likasi waje Alhamisi alfajiri badala ya Jumatano jioni. Ni kilomita kama 120, na tungeokoa kama dola 138 kabla ya kodi. Lakini barabara hiyo ina malori ya madini, na lori moja likilala barabarani watu watano wanafika saa nne, wakati uamuzi wa kwanza ni juu yao. Tukakataa.

Tulichokata kilikuwa viwili. Ijumaa ilikuwa inakwisha saa saba u nusu na chai moja, lakini proforma ilikuwa inatutoza siku nzima. Nilirudi kwa sere mwenye hesabu, akakubali dola 15 badala ya 20 kwa siku hiyo. Kwa watu 19, pamoja na kodi, ni dola 110.20. La pili: minibasi ya Likasi ingekuwa imelala pale uani Alhamisi asubuhi, ina viti 18, na wa kuchukuliwa mjini walikuwa kumi na tano pamoja na msimamizi na mlezi. Kwa nini tukodi basi jingine? Tukaongeza dola 30 za mafuta na kufuta 120. Bajeti ikashuka hadi 2,206.44, na asilimia kumi ya dharura juu yake ikaifikisha 2,427.08.

Zilibaki dola 72.92, na nilizijua zina kazi. Kwa sababu tangu watu wasikie habari ya mafungo, kabla hata ya karatasi ya mwaliko kutoka, swali lilikuwa lilelile mlangoni kwangu: “Mama, na transpor yetu?”

Perdiem ni jambo linaloweza kula siku nzima ya kwanza ya mafungo bila kuonekana kwenye ratiba. Watu wanakaa ukumbini, wanaitikia, lakini nusu ya akili iko kwenye bahasha. Kanuni yetu ya ndani ni kwamba shirika likilipa kitanda na milo yote, perdiem haipo. Linabaki tatizo la kweli la mtu kutoka Katuba au Ruashi na begi lake hadi biro na kurudi. Dola 4 kwa kila mmoja wa wale 18 ni dola 72. Niliandika kiasi hicho kwenye mwaliko wenyewe, mstari wa tatu, na kwamba kitalipwa Alhamisi kabla ya chai ya kwanza, kwa orodha ya saini. Wachache walinung’unika wiki hiyo. Alhamisi hakuna aliyeuliza tena. Bajeti ikabaki na senti 92.

Fedha hizo nililipa kwa faranga. Noti ya dola moja hapa inakataliwa mara nyingi, na noti yoyote yenye kijitundu au mpasuko itarudi kwako hata iwe ya mia. Kwa hiyo benki niliomba noti safi kwa bili ya masere, na kiasi kidogo cha faranga kwa transpor, mafuta na soko. Anayepanga sasa aangalie kiwango cha kubadilisha siku ya kulipa, asitegemee cha siku ya kuandika bajeti. Mwishoni mwa 2025 faranga ilipanda thamani kwa ghafla, na waliokuwa na bajeti za dola walikuta sokoni dola yao inanunua pungufu, maana bei za faranga hazikushuka kwa mwendo uleule. Mistari inayolipwa kwa dola haina shida hiyo. Itenge mapema ile inayolipwa kwa faranga, ujue ni kiasi gani kinaweza kuyumba.

Siku yenyewe ilikuwa na mambo yake, nitataja yale yaliyohusu mpango tu. Msimamizi alianza kila swali kwa dakika tano za kimya: kila mtu anaandika jibu lake kwenye kikaratasi kabla ya yeyote kufungua mdomo, na direkta anasoma chake mwisho. Kwetu, mkubwa akisema kwanza, mjadala umekwisha; wengine watatafuta namna ya kukubaliana naye kwa maneno tofauti. Katika vikaratasi vya Likasi, dereva wetu wa shirika ndiye aliyeandika kwamba akina mama wengi wa kliniki ya Jumanne wanatoka vijiji vya upande mmoja tu, kwa hiyo kliniki hiyo inaweza kuhamia huko mara moja kwa mwezi badala ya kufungwa. Yeye ndiye anayewaona barabarani. Kwenye mjadala wa kawaida asingeinua mkono.

Vikundi kurudisha majibu ndipo muda ulipotaka kutuponyoka. Kikundi cha kwanza kilimaliza dakika kumi, cha pili kikaanza kurudia yaleyale kwa heshima. Msimamizi akawaambia cha tatu na cha nne waseme tu kile ambacho hakijasemwa. Tukarudisha dakika kumi na mbili. Kuna alama moja ninayoitazama kujua kama siku inakwenda vizuri: watu wakienda kula mchana, je, ukutani kuna sentensi yenye jina la mtu? Kama kuna orodha ya “changamoto” tu, umeshachelewa, na itabidi uchague Alhamisi hiyohiyo uamuzi gani utauacha.

Jioni hatukuweka kikao chochote. Kulikuwa na sombe, samaki na bukari, na mtu alileta munkoyo kutoka mjini. Jedwali la saini, nasikia, lilimalizwa hapo mezani kuliko ukumbini. Ijumaa asubuhi zile dakika ishirini za kuandika zilitosha kabisa. Direkta anasaini peke yake kuanzia dola 500, mkuu wa kituo hadi 150, katikati hapo ni mimi na mkuu wa programu, na kila mmoja ana msaidizi aliyetajwa kwa jina.

Dharura ililiwa na vitu vitatu: tairi la minibasi, ambalo mkataba haukusema ni la nani (sasa mikataba yetu inasema), usiku wa ziada wa msimamizi aliyefika Jumatano, na mablanketi sita ya kukodi. Karibu dola tisini zilirudi kwenye akaunti ya mradi. Stakabadhi zilikuwa kwenye faili Jumatatu, na karatasi ya maamuzi, kurasa mbili, ilitumwa kwa wote Jumanne ikiwa na safu nne: tulichoamua, nani, lini, na ya nne tupu. Safu hiyo tupu inajazwa kwenye kikao cha kila mwezi. Kalenda ya gari ilishikwa wiki tano kabla mtu hajaivunja. Pendekezo la kliniki ya Jumanne lilikwenda kwenye baraza la Oktoba likiwa na ramani iliyochorwa na dereva.